Lebo inasema wati 300, TV inazimika saa 3 usiku. Paneli hii ni ya ngapi kweli? (picha ndani)

MamaFuraha_Himbi (#1)
Habari zenu. Niko Goma, Himbi. Mwezi wa pili sasa nimefunga sola ya nyumbani: paneli moja ya wati 300, betri ya 200Ah iliyoandikwa GEL, na inverta ya wati 1000. Vyote nilinunua siku moja pale Birere. Ninawasha TV ya wati 60 na taa tatu za wati 7 kuanzia saa 12 jioni. Ikifika saa 3 inverta inalia pii pii pii, halafu giza. Aliyenifungia anasema watoto wanaangalia TV sana. Mimi nasema kitu cha wati 300 hakiwezi kushindwa na TV moja. Nimepiga picha nyuma ya paneli, na maandishi yenyewe ni haya:

```
Pmax 300W
Vmp 18.0V   Imp 16.67A
Voc 21.6V   Isc 17.80A
```

Nimefungiwa vibaya au nimeuziwa uongo?

Kadogo_Birere (#2)
Mama, mimi nauzisha pano hapa hapa Birere. Chukua mita, pima volti juani bila kufunga kitu. Ukipata 20 na kitu, pano yako iko nzima, haina shida. Shida iko kwa betri.

Katuba_Boy (#3)
Pole mama. Hata huku Lubumbashi moto inakatika-katika, tena ikirudi inarudi na nguvu mpaka friji ya shemeji iliungua. Nunua stabilizeta mama, dola 40 tu.

BintiKatindo (#4)
@Katuba_Boy soma swali kaka 😂 Mama anazungumzia sola, hana moto wa nguzo.

FundiNdosho (#5)
Mama Furaha, shikamoo. Kabla ya kugusa betri naomba picha nyingine: paneli kwa mbele, nzima, ukiwa umesimama mbele yake na si pembeni. Bandika karatasi moja ya fotokopi, ile ya A4, juu ya kioo chenyewe. Lebo inachapishwa na mtu yeyote mwenye printa. Ukubwa wa kioo na idadi ya vipande vya seli ndani yake haviwezi kuchapishwa.

@Kadogo, volti 21 utazipata kwa paneli ya wati 20 na utazipata kwa ya wati 150, mradi zote zina vipande 36. Volti zinakuambia vipande vingapi vimeunganishwa kwa mstari. Wati hazijulikani hapo.

Kadogo_Birere (#6)
Fundi umeanza. Mimi nimepima pano elfu na mita hii hii.

MamaFuraha_Himbi (#7)
Marahaba fundi. Picha hii hapa. Karatasi nimebandika kwa sabuni ya kipande, gundi haikuwepo. Mtoto amepanda juu ya mabati kuishika, msinicheke.

FundiNdosho (#8)
Picha nzuri sana, na mtoto mwambie asante. Nahesabu: vipande 4 kwa upana, 9 kwa urefu. Jumla 36. Hapo volti za lebo ni za kweli, paneli ya vipande 36 hutoa 21 na kitu ikiwa wazi na karibu 18 ikifanya kazi.

Sasa karatasi. Urefu wake ni sentimita 29.7. Katika picha yako inaingia mara tatu na nusu kasoro kwa urefu wa paneli, yaani kama mita moja. Kwa upana inaingia mara mbili na robo, kama sentimita 67. Tena angalia vipande vyenyewe: si vya mraba. Vimelala, vifupi upande mmoja. Hizo ni seli za sentimita 15.6 zilizokatwa, wamebakiza kama theluthi mbili.

Kwa macho yangu hii ni paneli ya wati 100. Pima kwa futi unithibitishie.

MamaFuraha_Himbi (#9)
Wati 100?? Nimepima kwa futi ya kushonea. Urefu sentimita 100 na nusu. Upana 67. Mikono inatetemeka.

MwalimuKadutu (#10)
Nasalimu kutoka Bukavu. Nafundisha fizikia, nikipata hesabu kama hii siwezi kupita.

Mita 1.005 mara mita 0.67 ni kama mita za mraba 0.67. Viwanda vyote hupima paneli chini ya mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, ndiyo kipimo cha dunia nzima. Kwa hiyo jua linaloangukia kioo cha Mama Furaha katika kipimo hicho ni wati 670 hivi. Ili itoe 300 lazima igeuze asilimia 45 ya jua lote kuwa umeme. Paneli nzuri za madukani leo zinageuza asilimia 20 mpaka 22. Hata tuipe 22, tunapata wati 148 hivi na hapo ndipo dari. Lebo hiyo inadai zaidi ya mara mbili ya dari.

Ila fundi, umeshuka mpaka 100 haraka sana. Kwa nini isiwe 148?

FundiNdosho (#11)
Swali zuri mwalimu. Rangi. Kioo cha mama kina bluu yenye mabaka mabaka kama barafu iliyovunjika, ni seli za aina ya zamani kidogo. Hizo hazifiki asilimia 22. Halafu kuna nafasi nyeupe kati ya kipande na kipande, na fremu, ambazo hazitoi kitu. Seli nzima ya mraba wa sentimita 15.6 ya aina hiyo hutoa ampea 9 hivi ikifungwa moja kwa moja. Ukiikata ukabakiza theluthi mbili, unabaki na 6. Na kwenye mstari wa vipande 36 ampea haziongezeki, kinachojumlika ni volti. Sasa ampea 17.8 za lebo zitoke wapi? Kwa kioo hicho hazina pa kutokea.

Paneli ya kweli ya wati 300 unaihitaji na mtu wa pili kuibeba. Ile ya vipande 60 ina karibu mita 1.65 kwa mita 1, na uzito wa kilo 18 au zaidi. Na haitoi volti 21 ikiwa wazi, inatoa karibu 38 mpaka 40.

BintiKatindo (#12)
Kumbe! Ya nyumbani kwetu niliibeba mwenyewe kwa mkono mmoja kwenye pikipiki, mkono mwingine nimemshika dereva. Imeandikwa 350W 🙈

Kadogo_Birere (#13)
Mnaongea kama sisi wauzishaji ndio tunachapisha lebo. Mzigo unakuja hivyo hivyo ndani ya katoni. Mteja akiona 100W anaondoka, anaenda kwa jirani mwenye 300W ya bei ileile. Ukiandika ukweli unalala njaa. Na kitu kingine: mlima ukitoa moshi, majivu yanakaa juu ya kioo. Mama amepangusa lini?

MamaFuraha_Himbi (#14)
Napangusa kila Jumamosi mwanangu. Ninyi mliniambia nipanguse.

Mzee_Ndendere (#15)
Mimi naona mnaonea paneli bure. Nilikuwa na shida hiyohiyo, TV inakata mapema. Ilikuwa waya. Betri ilikuwa barazani, inverta sebuleni, waya mwembamba kama wa simu. Nilibadilisha waya, TV ikafika saa 5. Paneli sikuigusa.

FundiNdosho (#16)
Mzee hata hilo linawezekana, na yote mawili yanaweza kuwepo nyumba moja. Tusibishane, tupime. Mama, una mita?

MamaFuraha_Himbi (#17)
Kijana wa jirani anayo, ya njano. Anajua kupima betri ya pikipiki tu.

FundiNdosho (#18)
Inatosha. Asome hapa kwa makini.

Kwanza chomoa paneli kwenye kontrola, kile kisanduku cha kati ya paneli na betri. Mita iwekwe kwenye 10A ya DC, na waya mwekundu uhamishiwe kwenye tundu lililoandikwa 10A. Halafu ncha mbili za mita kwenye nyaya mbili za paneli, jua likiwa kali, saa 6 mchana. Paneli ikifungwa hivyo haiungui, inatoa ampea zake zote basi, ndiyo ile Isc ya kwenye lebo. ASIFANYE HIVYO KWENYE BETRI. Betri itatoa moto na mita itayeyuka mkononi.

Kama lebo ni ya kweli, ampea 17 zitaunguza fyuzi ya mita. Ikiungua nitanunua fyuzi nyingine na nitaenda Birere kumwomba muuzaji msamaha hadharani.

Katuba_Boy (#19)
Fundi anajiamini kama kipa wa penalti.

MwalimuKadutu (#20)
Ongezeni jambo moja. Ukipata ampea 5, muuzaji atasema siku hiyo jua lilikuwa dogo, na kwa kweli hutaweza kumjibu, maana ampea zinapanda na kushuka na mwanga. Tafuteni paneli ya jirani ambayo mnaiamini. Zote mbili zipimwe dakika ileile, zikiwa zimelala pembe ileile. Hapo jua linakuwa shahidi wa pande zote.

FundiNdosho (#21)
Mwalimu umenizidi. Fanyeni hivyo.

MamaFuraha_Himbi (#22)
Tumepima leo. Jirani ana paneli ya wati 150, aliletewa na mradi fulani, lebo yake inasema Isc 8.90A. Tuliziweka zote mbili chini uani, zimelala kwenye mawe ya lava, kijana akapima moja halafu nyingine hapohapo.

Ya jirani: 8.1
Yangu: 5.4
Volti za yangu ikiwa wazi: 20.9

Fyuzi haikuungua.

MwalimuKadutu (#23)
8.1 gawanya kwa 8.9 ni 0.91. Jua lenu lilikuwa asilimia 91 ya kipimo cha kiwanda. Basi 5.4 gawanya kwa 0.91 unapata 5.9. Hiyo ndiyo Isc ya kweli ya paneli ya mama. Lebo ilisema 17.8.

FundiNdosho (#24)
Na ampea za kazini huwa chini kidogo ya hizo, tuseme 5.5. Mara volti 18, wati 99. Nilisema 100, nidaini wati moja.

Kadogo_Birere (#25)
Ngoja. Inaweza kuwa pano ilikuwa ya nguvu zaidi ikapasuka ndani njiani. Barabara zetu mnazijua. Au ile diodi ya nyuma imekufa.

FundiNdosho (#26)
Diodi ikifa kwa kujifunga, unapoteza volti. Paneli ya vipande 36 kwa kawaida ina diodi mbili, kila moja inasimamia nusu, kwa hiyo ungeona volti 10 na kitu badala ya 20.9. Mama ana zote.

Mipasuko ya ndani, hapo sikatai moja kwa moja. Inapunguza ampea na kwa jicho huioni. Lakini hata tuseme imepasuka: kioo kilekile cha mita moja kingetoa 17 siku ya kwanza kwa seli zipi? Ungepungua kutoka 6, si kutoka 17.

Kadogo_Birere (#27)
Sawa. Lakini betri bado hamjaangalia.

BintiKatindo (#28)
Kadogo hapo namuunga mkono. Sisi betri ya "200Ah" tuliipeleka kwa muuza maharage, tukaiweka kwenye mizani ya gunia. Kilo 30. Fundi wetu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema betri ya risasi ya volti 12 yenye 200Ah inavunja mgongo, kilo 55 kwenda juu, na ya kilo 30 ni 100Ah hivi. Risasi ndiyo inayobeba umeme, huwezi kuipunguza ukabaki na ampea zilezile.

MamaFuraha_Himbi (#29)
Yangu kijana aliishusha peke yake kwenye pikipiki. Ngoja.

MamaFuraha_Himbi (#30)
Kilo 29.

Kadogo_Birere (#31)
Za jeli huwa nyepesi mama, si kama za maji.

FundiNdosho (#32)
Hapana mdogo wangu. Jeli ni ile asidi imegandishwa, risasi iko palepale. Nyepesi ni lithiamu, hiyo ya 100Ah ina kilo 11 hivi. Na lithiamu ikijaa na kutulia inasimama juu ya 13. Mama, asubuhi kabla jua halijapanda, hakuna kinachowaka, betri inasoma ngapi?

MamaFuraha_Himbi (#33)
11.8. Na jioni jua likizama, kabla ya kuwasha, 12.4.

FundiNdosho (#34)
Basi ni risasi, na haijawahi kujaa tangu siku ya kwanza. Ikijaa na kutulia ingekuwa 12.7 hivi.

Hesabu yake nyepesi. TV wati 60 kwa saa 4, tuseme, ni 240. Taa tatu kwa saa 5 ni 105. Inverta yenyewe inakula kama wati 10 hata ikiwa imekaa, saa 5 ni 50. Unataka karibu 400 kila usiku. Paneli ya wati 100 ikipata saa 4 za jua kamili inatoa 400, halafu kontrola, joto, nyaya na betri yenyewe wanachukua fungu lao, unabaki na 300 kama mambo ni mazuri. Wiki ya mvua, nusu yake. Ingekuwa kweli 300 ungepata 900 na watoto wangeangalia mpaka wasinzie.

Kwa hiyo Kadogo, betri nayo imedanganya, lakini hata 100Ah ingemtosha mama. Nusu yake tu ni kama 600. Tatizo hakuna wa kuijaza.

Mzee_Ndendere (#35)
Na waya? Hakuna aliyenijibu.

MwalimuKadutu (#36)
Mzee ana haki. Mama, TV ikiwaka pima volti kwenye vichwa vya betri, halafu kwenye vichwa vya inverta.

MamaFuraha_Himbi (#37)
Betri 12.1. Inverta 11.4. Betri iko barazani kama mzee alivyosema, waya kama mita 6.

Mzee_Ndendere (#38)
Nilisema!!

FundiNdosho (#39)
Mzee nakupa heko. Volti 0.7 zinapotea njiani, hiyo ni waya wa milimita 2.5, wa taa za ukutani. Inverta inaona betri imeisha kabla haijaisha, inakata mapema. Sogeza betri karibu na inverta, mita moja, waya mnene. Utaongeza muda kidogo. Lakini ukiongeza muda bila kuongeza jua utaishusha betri chini zaidi kila usiku, na risasi inayolala bila kujaa inakufa mapema.

Mzee_Ndendere (#40)
Mimi yangu mwaka wa pili haijafa.

FundiNdosho (#41)
Paneli yako ya ngapi mzee?

Mzee_Ndendere (#42)
Imeandikwa 250.

BintiKatindo (#43)
😂😂😂 imeandikwa

MamaFuraha_Himbi (#44)
Nilirudi Birere leo asubuhi na karatasi ya hesabu ya mwalimu. Muuzaji hakubisha hata kidogo. Alisema 300 ni "nguvu ya juu kabisa", kama redio inavyoandikwa wati 2000. Franga hakurudisha. Alikubali kunipa nyingine ya namna ileile kwa nusu bei. Nichukue?

Kadogo_Birere (#45)
Chukua mama. Mbili za 100 ni 200 halisi, nusu bei hiyo hata mimi sikupi.

MwalimuKadutu (#46)
Mimi nisingempa hata franga moja zaidi mtu aliyenidanganya mara mbili siku moja.

FundiNdosho (#47)
Mimi ningechukua, ila ningepima kwanza palepale mbele ya duka na ya kwangu ikiwa pembeni. Vipande 36, ampea zinazokaribiana, halafu zifungwe sambamba, chanya na chanya. Na angalia kontrola imeandikwa ampea ngapi, mbili zitaleta karibu 12.

MamaFuraha_Himbi (#48)
Imeandikwa 30A. Nayo tuipime uzito? 😅 Asanteni wote, kesho naenda na kijana na mita yake.

Katuba_Boy (#49)
Fundi, na mimi nimepiga ya kwangu, imeandikwa 400W. Picha hiyo hapo, karatasi imeingia mara sita! Yangu ni ya kweli, sivyo?

FundiNdosho (#50)
Kaka, karatasi yako umeiegemeza kwenye ukuta, mita mbili nyuma ya paneli. Ibandike juu ya kioo upige tena.